Waraka wa Kujitoa Katika Usaili

Kijana mmoja wa Mkomani, mwenye cheti cha uhasibu, aliitwa na idara moja ya kaunti akasailiwe Mokowe siku ya Alhamisi. Na hali akiingoja siku hiyo, hoteli moja ya Shela iliyokwisha kumsaili mwezi uliotangulia ikampigia simu kumwarifu kuwa imemkubali. Aliyoyatenda baina ya simu hiyo na Alhamisi yastahiki kutazamwa, maana Amu ni mji mdogo, na wakaao upande wa pili wa meza ya usaili ndio aghalabu atakaokutana nao msikitini na arusini.

Kwanza, hakufanya pupa. Ahadi ya simu haikumtosha, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Basi alingoja hata Jumatatu, akausoma mshahara, siku ya kuanza na muda wa majaribio, akatia sahihi, ndipo akashika kalamu. Lau mkataba ungechelewa mpaka Alhamisi, ningemnasihi avuke Mokowe akasailiwe, kwani kuitikia mwito si kuahidi kazi.

Waraka wenyewe, aliompelekea katibu wa idara kwa barua pepe alasiri ile ile, ulikuwa mfupi:

“Kwa taadhima, nashukuru kwa kuniita katika usaili wa Alhamisi kwa nafasi ya karani wa hesabu, ambayo nambari ya tangazo lake nimeitaja hapo juu. Nimekwisha kukubali kazi nyingine kwa mkataba, hivyo naomba jina langu liondolewe, ili mwombaji mwingine apate kuitwa. Nafasi za hesabu zitakapotangazwa siku za mbele, nataraji kuomba tena.”

Hoteli hakuitaja, wala mshahara, kwani mshahara ukitajwa waraka hugeuka kuwa biashara ya kupandishiana bei. Ugonjwa hakuusingizia, nao ni udhuru ambao ungefichuka mara tu aonekanapo kazini Shela. Lakini ustadi mkubwa naona umo katika sentensi ya mwisho. Wengi huandika “naomba mnikumbuke”, ilhali nafasi ya utumishi wa kaunti hutangazwa na kushindaniwa, na hapana mwenye mamlaka ya kumwekea mtu. Yeye alisema ataomba, akawaachia watu wa idara heshima ya kazi yao.

Jumanne asubuhi alipiga simu, kwa kuchelea barua isije ikakaa bila kusomwa.

“Shikamoo, Bi. Nimeleta barua jana ya kujitoa katika usaili.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeiona. Wengine hutuwata tukiwangoja. Wewe umetupa siku mbili, leo nitamwita anayefuata.”

Siku mbili hizo ndizo zilizoutia waraka thamani, kwa kuwa maneno yale yale yangeletwa Alhamisi asubuhi, wasaili wamekwisha kuketi, kiti kingebaki kitupu na aliyefuata asingewahi mashua. Na kama angalisailiwa, akafaulu na kuandikiwa barua ya kuajiriwa, hapo angekuwa akikataa kazi aliyokwisha kupewa, na jawabu lingepasa kwenda kwa bodi iliyomteua, ndani ya muda iliompa wa kujibu.