Sabena ilifilisika, SN ikaendelea kuruka

Anayesafiri na Brussels Airlines kutoka Bujumbura hadi Brussels aitazame tiketi yake. Namba ya safari inaanza na SN, na namba ndefu ya tiketi inaanza na 082. Alama zote mbili zilikuwa za Sabena, shirika la Ubelgiji lililoanzishwa 1923 na kutangazwa limefilisika tarehe 7 Novemba 2001. Zimefikaje huko?

Sabena ilikuwa na wenye hisa wawili wakubwa: serikali ya Ubelgiji na Swissair, ambayo ilikuwa na asilimia 49.5. Swissair iliahidi kuongeza mtaji, lakini Oktoba 2001 yenyewe iliishiwa fedha hata ndege zake zikabaki chini. Ahadi ikafa, na mwezi uliofuata Sabena ikaanguka. Mahakama ya Brussels ikateua wasimamizi wa ufilisi wauze mali na kuwagawia wadai walichopata.

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Msimamizi anaweza kuuza ndege, karakana, hata jina. Cheti cha kurusha ndege hakiuziki: hupewa kampuni fulani baada ya kukaguliwa marubani wake, mafundi wake na taratibu zake. Kuanzisha kampuni mpya na kuisubiri ikaguliwe kungechukua muda mrefu, na abiria wangehamia kwingine. Kwa hiyo wawekezaji walioongozwa na Étienne Davignon na Maurice Lippens hawakumnunua mama, walimnunua binti: Delta Air Transport, kampuni tanzu ya Sabena iliyokuwa na cheti chake na ambayo haikufilisika. Februari 2002 ikabandikwa jina SN Brussels Airlines. Aliyekuwa akiidai Sabena alilazimika kupeleka madai yake kwa wasimamizi wa ufilisi. Kampuni mpya haikurithi deni hilo. Ni mpango wa kijanja, ingawa mdai asingeuita hivyo.

Ushahidi ulikuwa wazi kwa anayejua pa kuutafuta. Waongoza ndege hawatumii herufi mbili za tiketi, wana msimbo wao wa herufi tatu. Wa Sabena ulikuwa SAB. SN Brussels Airlines iliruka kwa DAT, yaani Delta Air Transport. Abiria alioneshwa ukoo wa Sabena, lakini mnara wa kuongozea ndege ulimwona binti. Baadaye, ilipoungana na Virgin Express na kuwa Brussels Airlines, ikachukua BEL. Leo mmiliki wake ni Lufthansa ya Ujerumani.

Na neno Sabena lenyewe? Lilikwenda na mafundi. Mwaka 2005 kundi la Kifaransa la TAT lilinunua Sabena Technics, kitengo cha matengenezo, kisha likalichukua jina hilo kwa kundi zima. Ukilitafuta leo utalikuta kwenye karakana za ndege za Bordeaux na Dinard, Ufaransa, kwa watu ambao hawauzi hata tiketi moja ya kwenda Bujumbura.