Marufuku bila amri

Tunaposema wimbo 'ulipigwa marufuku' enzi za chama kimoja, neno hilo hutupotosha. Watawala hawakuhitaji amri kila mara. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali: Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989. Mkulima wa miwa kule Butali alisikia kwaya zikimsifu Rais Moi, na wimbo usiochezwa, kwake haukuwako. Hata kabla ya Moi, Joseph Kamaru alipomwomboleza J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, redio hiyo iliufungia wimbo wake mlango.

Kaseti ndiyo iliyotoboa ukuta huo. Ilinakiliwa kibandani, ikapigwa ndani ya matatu, mtangazaji asiulizwe. Ndiyo maana mwaka 1990, nyimbo za Kikuyu kuhusu ubomoaji wa Muoroto na masaibu ya Matiba zilipozagaa, polisi waliwaandama wauza kaseti. Hawakuweza kuuzima wimbo studioni, wakamkamata aliyeubeba.

Basi, ndugu msomaji, tusipime udhibiti kwa kuhesabu nyimbo zilizokatazwa. Tuulize nani anashika kipaza sauti, na nani anakamatwa anapokikwepa.