Draivu Z: hupotea baada ya kila likizo

Ndugu wenzangu wa ofisi ya Xiaobei, tuliporudi kutoka likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina, draivu Z: ilikataa kufunguka kwa kila mtu, na orodha za mizigo ya kontena zimo humo. Nilirekebisha kompyuta moja moja. Baadaye umeme wa jengo ukakatwa wikiendi nzima, Jumatatu tukarudi palepale. Nakiri kosa: nilikuwa natibu homa, ugonjwa nikauacha.

Kompyuta zetu nyingi zina Windows ya Kichina, kwa hiyo maneno ya hitilafu wengi hamyasomi. Someni namba, maana haibadiliki kwa lugha. Tulipata 53: njia ya mtandao haikuonekana. Ingekuwa 5, maana yake seva imepatikana ila huna ruhusa.

Kilichonipoteza ni `ping`. Niliituma 192.168.1.20, anwani ya seva, ikajibu vizuri, nikailaumu Windows. Kumbe aliyejibu ni printa! Nilikuja kugundua nilipoujaribu mlango 445, ambao Windows huutumia kufungua mafaili ya pamoja:

```
Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445
```

`TcpTestSucceeded` ikasema `False`. Nilipoandika `arp -a`, nikaona namba ya kadi ya mtandao iliyobandikwa mgongoni mwa printa.

Ilikuwaje? Rauta yetu hugawa anwani kama mwenye nyumba anayepangisha vyumba, kwa mkataba wa saa 24. Seva ikiwaka, huongeza mkataba wake yenyewe. Ikizimwa siku kadhaa, chumba huhesabika kitupu, na printa inayowahi kuwaka hupewa. Seva nayo hupewa kingine, huku kompyuta zenu zikiendelea kubisha hodi kwenye chumba cha zamani.

Jumamosi saa 3 asubuhi nitaifungia seva anwani yake kwenye rauta kwa namba ya kadi yake ya mtandao, asipewe mwingine. Huo ni muda wa saa 10 alfajiri Dar, hakuna anayesubiri hati. Kisha kila kompyuta itaunganishwa kwa jina la seva:

```
net use Z: /delete
net use Z: \\seva01\mizigo /persistent:yes
```

Fungeni mafaili yote ya Z: Ijumaa kabla ya kuondoka. Jumatatu mtaulizwa nywila upya mara moja, kwa sababu Windows iliihifadhi kwa ile anwani ya namba, na jina inalihesabu kuwa seva nyingine.

Wenye laptopu za waifai bado mtaona alama nyekundu kwenye Z: asubuhi, kwa kuwa Windows hukuingiza kabla waifai haijashika. Bofyeni mara mbili, itafunguka. Ila ukiwa kwenye waifai ya wageni haitafunguka kabisa; ile nimeitenga na seva makusudi.