Obokano na Maiki ya Pili

Rekodi nyingi za obokano zinazozunguka siku hizi kwenye simu zina ugonjwa mmoja. Ule mngurumo mzito wenye mvumo, ambao ndio roho ya kinubi hiki cha nyuzi nane cha Wagusii, umekonda. Sauti imekuwa ya bombani, na mpigaji anapoyumba kidogo kufuata wimbo wake, rangi ya sauti nayo inayumba. Msikilizaji hulaumu simu, au hudhani nyuzi za siku hizi hazivumi kama za zamani. Mara nyingi chombo hakina kosa lolote, na vifaa vya kurekodia ni bora kuliko vyote vilivyowahi kufika nyanda hizi. Kilichopungua ni ufundi wa mtu kusimama mbele ya mwanamuziki, akasikiliza, kisha akachagua mahali pa kuweka maikrofoni.

Chukua mpigaji wa Nyaramba aliyeketi kwenye kigoda chake, obokano mbele yake, akipiga na kuimba kwa wakati mmoja. Fundi mitambo wa leo humwekea maiki mbili bila kufikiri mara mbili: moja sentimita 20 kutoka kwenye ngozi ya chombo, nyingine mdomoni. Lakini maiki ya mdomoni haisikii mdomo peke yake. Iko sentimita 54 hivi kutoka kwenye ileile ngozi, na mlio wa nyuzi unaifikia pia, ukiwa umesafiri sentimita 34 zaidi. Katika hewa ya nyuzi joto 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mlio huo unaifikia maiki ya pili ukiwa umechelewa milisekunde moja. Kwenye mikisa, mlio na nakala yake iliyochelewa vinamwagwa pamoja. Kwa mtetemo wa hezi 500, milisekunde moja ni nusu ya mzunguko: wimbi moja linasukuma wakati lingine linavuta, nao unafifia. Hali hiyohiyo inaupata wa 1,500, na wa 2,500, na kuendelea juu. Katikati yake, kwenye 1,000 na 2,000, mawimbi yanakutana yakiwa sawa na kukuzana. Ukichora matokeo kwenye karatasi unapata meno na mapengo ya chanuo, na ndiyo maana mafundi hukiita kichujio cha chanuo. Filimbi laini, yenye mitetemo michache, inaweza kuyakwepa mapengo hayo bila kuumia sana. Obokano haiwezi. Mvumo wake umejaa mitetemo mingi iliyosongamana, kwa hiyo kila pengo linapata cha kula.

Wapo wanaojibu kwamba nakala hiyo ni dhaifu, kwa sababu imetoka mbali. Ni hoja ya haki, na ndiyo asili ya kanuni ya zamani isemayo kwamba maiki ya pili iwe mbali na chanzo angalau mara tatu ya umbali wa ile ya kwanza. Katika mfano wetu umbali ni mara 2.7, na kwa makadirio nakala inafika ikiwa na nguvu ya kama theluthi moja na ushei. Mapengo yapo, ila si makubwa: mawimbi yanapopingana, bado zinabaki karibu theluthi mbili za sauti. Taabu inaanza pale mwimbaji anapokuwa na sauti ya chini kuliko chombo chake, jambo la kawaida kabisa kwa kinubi kikubwa hivi. Fundi anapandisha maiki ya mdomo desibeli 6, yaani maradufu, na nakala ya obokano inapanda pamoja na mdomo. Sasa ina karibu robo tatu ya nguvu ya mlio halisi, na kwenye kila pengo inabaki robo tu ya sauti. Umbali uliopimwa kwa uangalifu umefutwa na kidole kimoja kwenye mikisa. Kanuni ya mara tatu inasomwa kama kanuni ya mita, kumbe ni kanuni ya nguvu ya sauti baada ya kila kitu kupandishwa.

Hapo wenye kompyuta husema: tutarekebisha baadaye. Watarekebisha nini? Kupandisha hezi 500 kwa kisawazishi hakusaidii pale ambapo mawimbi yameshafutana, na mapengo yenyewe hayakai mahali pamoja. Mwimbaji akiinama, tofauti ya safari ikaongezeka sentimita 5 tu, pengo la kwanza linashuka hadi kama hezi 440. Akijinyoosha kwa kiasi hichohicho kuelekea upande wa pili, linapanda hadi karibu 590. Wengine husogeza rekodi moja milisekunde moja ili milio ya obokano ilingane. Ni sawa kwa obokano. Lakini sauti ya mwimbaji nayo imeingia kwenye maiki ya chombo, ikiwa imechelewa kwa upande wake, na kusogeza huko kunaichelewesha zaidi. Umeponya kinubi, umemjeruhi mwimbaji. Na kutenganisha maiki moja kushoto na nyingine kulia kunaficha tatizo mpaka wimbo uchezwe kwenye simu yenye spika moja, ambako zinachanganywa upya. Huko ndiko watu wengi wanakousikilizia.

Hugh Tracey alipozunguka Afrika Mashariki kurekodi muziki, na mwaka 1950 akawanasa wasichana wa Kikipsigis wa Kapkatet wakiimba wimbo wa Chemirocha, alifanya kazi kwa maikrofoni moja, mara nyingi ameishika mkononi. Alipotaka sauti fulani izidi, aliisogeza maiki upande wake. Mikisa yake ilikuwa mkono na sikio, na maiki moja haiwezi kupingana na nakala iliyotoka maiki ya pili isiyokuwepo. Kwa mpigaji wetu ingetosha maiki moja kama mita moja mbele yake, ishushwe kuelekea ngozi ikiwa uimbaji umezidi, ipandishwe ikiwa nyuzi zimezidi.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba hata maiki moja hupata nakala, ile inayorudi kutoka sakafuni. Ni kweli. Obokano ikiwa sentimita 60 juu ya saruji na maiki mita moja juu, mwangwi wa sakafu unasafiri sentimita 80 zaidi na kutoboa pengo karibu na hezi 210, na mkeka hausaidii sana chini huko. Dawa ni kuisogeza maiki karibu zaidi, hata nusu mita, ili mlio wa moja kwa moja uushinde mwangwi, na kutumia maiki inayosikia zaidi mbele, mgongo wake uelekee sakafu. Yote hayo yanamtaka fundi asogee, asikilize, asogee tena, kazi ambayo sasa tunaikwepa kwa kuongeza waya.

Penye mikutano mikubwa, ambako spika zinaanza kupiga mluzi kabla maiki ya mbali haijasikika, maiki mbili hazikwepeki, na sina ugomvi na anayezitumia akijua anacholipa. Kwa kurekodi wazee wanaojua obokano, ambao hawaongezeki, naomba jambo moja kwa kila fundi wa Kisii na Nyamira. Fungua maiki zote mbili, sikiliza mvumo wa nyuzi, kisha zima ile ya mdomo. Mvumo ukinenepa ghafla, ichomoe, na uanze upya na moja.