Ndoo mbili kwa kila tundu

Fundi wa tofali zenye matundu akiulizwa zege la kujazia ukuta litakuwa kiasi gani, mara nyingi anajibu kwa mkato: nusu ya ukuta ni hewa. Anapiga urefu mara kimo mara unene, anagawa kwa mbili, kisha anaagiza saruji. Kadirio hilo si baya kama linavyosikika, ilimradi matundu yote yanajazwa. Shida ni kwamba kuta nyingi hazijazwi zote. Zinajazwa pale penye nondo tu, na hapo nusu ya ukuta haisaidii kitu.

Tuchukue ukuta wa uzio wenye urefu wa mita 8 na kimo cha mita 2.4. Mhandisi amesema badala ya kupiga nguzo, nondo zisimame ndani ya matundu kila baada ya sentimita 60. Tofali lina urefu wa milimita 390, upana 190 na kimo 190, na matundu mawili. Mota ni ya milimita 10, kwa hiyo kila tofali linakula milimita 400 za ukuta na kila kozi inapanda milimita 200. Kozi ni 12, na kila kozi ina tofali 20, yaani matundu 40. Kwa kuwa matundu yamepishana kwa sentimita 20, nondo inaingia tundu la kwanza, la nne, la saba, hadi la 40. Jumla ni matundu 14.

Sasa tupime tundu lenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tofali hutoka kwenye mashine likiwa limechongoka kidogo kwa ndani, ili lichomoke vizuri kwenye umbo. Upande mmoja una kuta nene, wa pili una kuta nyembamba. Fundi hulijenga upande mnene ukiwa juu, kwa sababu ndio unaoshika mota. Ukipima kwa juu peke yake utapata tundu dogo kuliko lilivyo. Tofali letu lina tundu la 140 kwa 115 upande wa juu, na 150 kwa 125 upande wa chini. Wastani wa maeneo hayo mawili ni milimita za mraba 17,425, na ukizidisha kwa kimo cha tofali unapata lita 3.31.

Lakini pembe za tundu ni za mviringo, na futi kamba haioni mviringo. Njia ninayoiamini zaidi ni ya mchanga. Weka tofali moja juu ya ubao ulionyooka, jaza tundu moja kwa mchanga mkavu hadi usawa wa ukingo, nyanyua tofali, kisha kusanya mchanga wote uupime kwa chupa ya lita moja. Tofali hili litatoa lita 3.2 hivi. Inaonekana tofauti ndogo, ila ukipima tofali tatu au nne za shehena tofauti, namba hiyo inakuwa ya kutegemewa kuliko ya kwenye karatasi ya muuzaji.

Kosa la pili liko kwenye mota. Anayezidisha lita 3.2 kwa kozi 12 anapata lita 38.4 kwa kila tundu, na amesahau kwamba tundu haliishii pale tofali linapoishia. Linapita kwenye unene wa mota pia. Kwa hiyo ni afadhali kulifikiria tundu kama bomba moja la kutoka msingi hadi juu: gawa 3.2 kwa 0.19, upate lita 16.8 kwa kila mita, kisha zidisha kwa kimo cha ukuta. Mita 2.4 zinatoa lita 40. Faida ya hesabu hii ni kwamba fundi akinenepesha mota hadi milimita 15 au 20, jambo la kawaida tu, idadi ya kozi itabadilika lakini lita za tundu zitabaki zile zile, mradi kimo ni kile kile. Nondo ya milimita 12 haifiki hata asilimia moja ya tundu, iache.

Matundu 14 kwa lita 40 ni lita 560. Ongeza asilimia 10, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji na zege hushuka, na kidogo humwagika. Tunafika kama lita 620. Mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga na mbili za kokoto ndogo zisizozidi milimita 10 hutoa takriban lita 140 za zege kwa mfuko wa kilo 50. Mifuko mitano inatosha. Kama tungejaza matundu yote 40, tungehitaji lita 1,600, na baada ya nyongeza tungefika kama 1,760, yaani mifuko 13. Ile kanuni ya nusu ya ukuta ingetoa lita 1,824. Ndiyo maana nilisema si mbaya: kwa ukuta wa kujaza wote, imekuja na nyongeza yake ndani.

Lita 40 ni ndoo mbili za lita 20, na namba hii ina kazi kubwa kuliko kununua saruji. Mwambie saidia fundi ahesabu ndoo kwa kila tundu. Tundu likijaa kwa ndoo moja na nusu, kuna hewa mahali fulani. Huenda mota iliyofinywa kwa ndani imefanya vishina vilivyokamata zege, au vipande vilivyodondoka vimejikusanya chini na nondo imesimama juu ya takataka. Tundu likinywa ndoo tatu na bado linataka, zege linavuja kwa jirani. Mafundi wengi hupaka mota kwenye kuta mbili za nje tu na kuziacha kavu zile kuta za katikati zinazotenganisha matundu. Inabaki nafasi ya milimita 10 katika kila kozi, na zege la kujazia, ambalo lazima liwe laini la kumiminika, hupita hapo bila kuuliza. Dawa yake ni ya wakati wa kujenga: kila tundu litakalojazwa lipakwe mota pande zake zote nne.

Kwa ukuta wa kimo hiki, acha kidirisha kwenye kozi ya kwanza chini ya kila tundu lenye nondo, utoe uchafu kabla ya kumimina, kisha ukizibe kwa ubao. Usimimine mita 2.4 kwa mkupuo, hasa kama mota ni ya jana. Uzito wa zege bichi unaweza kusukuma tofali la chini likatoka. Mimina hadi karibu nusu, chokoa kwa nondo, subiri dakika chache maji yanyonywe, chokoa tena, ndipo uendelee. Utaona usawa umeshuka. Hiyo ndiyo asilimia 10 ikifanya kazi.

Tundu lililokula pungufu liwekee alama ya chaki papo hapo. Kesho yake ligonge kwa nyundo kutoka juu kwenda chini; panapolia kama debe, toboa uso wa tofali juu kidogo ya hapo na ujaze kwa bomba jembamba, kabla plasta haijapigwa.