Mama Riziki, dagaa na maji yasiyochanganyika

Hadithi fupi ninayoizungumzia hapa iliandikwa na mwanafunzi wa kozi ya uandishi wa ubunifu kuhusu uendelevu. Mhusika mkuu ni Mama Riziki, mvuvi wa dagaa pale Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma. Kila ukurasa samaki wanapungua, na sababu ni ziwa kubadilika. Nimeisoma mara mbili, na kuna sehemu moja ambayo bado inanisumbua kwa uzuri wake. Nitaifikia.

Kwanza tatizo. Mama Riziki anatumbukiza mkono majini, anahisi joto, anajua kwamba samaki wamekimbia. Hapana. Uso wa ziwa umepata joto kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja katika kila miaka kumi. Jua la mchana mmoja linabadilisha maji ya juu kuliko hivyo. Mkono hauwezi kugundua.

Halafu dagaa hawakimbii joto. Wanakosa chakula, na kisa chake ni kizuri kuliko kile cha mkono. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini oksijeni inaishia kwenye mita mia moja au mia mbili hivi za juu. Chini ya hapo kuna virutubisho tele, yaani mabaki ya kila kilichokufa na kuzama, bila wa kuvitumia. Mwani mdogo unaokua juu kwenye mwanga unavihitaji, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu. Kinachopandisha virutubisho ni upepo wa kusi mashariki wa Mei hadi Septemba, unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini ili ya chini yapande upande wa kusi.

Sasa, maji ya juu yana nyuzi kama 26, ya chini kama 23. Tofauti ndogo, utasema. Lakini kadiri maji yanavyokuwa ya joto, ndivyo kila nyuzi moja ya ziada inavyoyafanya mepesi zaidi. Kwa hiyo joto dogo likiongezeka juu, tabaka la juu linaelea kwa ukaidi na upepo uleule unashindwa kulichanganya na la chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kwamba hilo lingepunguza mavuno ya samaki kwa takribani asilimia 30.

Unaona kile ambacho mwandishi angeweza kumpa Mama Riziki badala ya mkono? Maji yanayozidi kuwa maangavu. Mwani ukipungua, maji yanang'aa, na mgeni atayasifu kwa usafi. Mama anayajua maji yale tangu utoto, na usafi ule unamtisha. Hiyo ni hadithi.

Jambo jingine ni mtumbwi. Anavuta wavu peke yake, usiku, kwa taa. Wavu wa kuinua, unaofungwa kati ya mitumbwi miwili, unahitaji watu kadhaa, na ziwani kwa kawaida hao ni wanaume. Wanawake wengi hununua dagaa alfajiri na kuwaanika mchangani. Wachache wanamiliki vyombo. Ningemfanya mwenye chombo, maana mwandishi mwenyewe ameshafika huko bila kujua, katika ile sehemu niliyosema inanisumbua: mgao.

Usiku wa mwanzo wanapata beseni 40. Mafuta na taa vinakula thamani ya beseni 8. Zinabaki 32, nusu ya mwenye chombo, 16, na wavuvi wanne wanapata 4 kila mmoja. Mwisho wa hadithi wanapata beseni 12. Gharama ni zilezile 8. Zinabaki 4, Mama anachukua 2, kila mvuvi nusu beseni. Samaki wamepungua kwa asilimia 70, pato limepungua kwa asilimia 87.5. Ziwa halijatoweka, lakini safari inakaribia kutolipa. Mwandishi anapita hapo kwa sentensi mbili! Ningempa ukurasa mzima.

Pia mvutano na uvuvi wenyewe umekosekana. Vyombo vimeongezeka, na Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia Mei 2024. Lakini utafiti wa Andrew Cohen na wenzake wa 2016, uliosoma matope ya sakafu ya ziwa, unaonyesha samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne ya 20. Sababu zote mbili zipo. Mama angeweza kubishana na ofisa wa uvuvi, na wote wawili wakawa na hoja.

Mwisho, mavuno katika hadithi yanashuka kama ngazi, ukurasa kwa ukurasa. Ziwani hayaendi hivyo. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazifanyi kazi, mitumbwi inalala. Upepo ukitulia dagaa wanaweza kujaa ghafla. Ningeweka usiku mmoja wa beseni 60 karibu na ukurasa wa nne, Mama akope fedha za wavu mpya kwa sababu ya usiku huo.