Safu ya VAT Haijazwi kwa Fomula

Lile onyesho la kugeuza picha za ankara za wauzaji kuwa jedwali la hesabu mmeshalitazama, kwa hiyo sitalisimulia hatua kwa hatua. Picha zilinyooshwa na vivuli vikapunguzwa, wauzaji wakatambuliwa kwa PIN badala ya majina, tarehe zote zikaandikwa kwa mtindo mmoja, kazi safi. Kisha ikaja ile dakika. Programu ilikuwa imeshasoma kiasi kabla ya kodi, VAT na jumla, namba tatu kutoka sehemu tatu za karatasi, na mtaalamu aliyeliendesha onyesho akaamua kuzifuta mbili. Alibakiza jumla peke yake, kwenye safu ya I, kwa hoja kwamba ndiyo huchapwa kwa wino mzito na ndiyo husomeka vizuri, halafu akajaza safu ya VAT kwa fomula hii na kuiburuta hadi chini:

```
=I2*16/116
```

Kiasi kabla ya kodi kikapatikana kwa kutoa. Kila mstari ukakubali hadi senti ya mwisho, na watazamaji wakaridhika. Bila shaka ulikubali, kwani haukuwa na uwezo wa kukataa. Ukiipata VAT kutokana na jumla, kisha ukakipata kiasi cha awali kwa kuitoa VAT hiyo kwenye jumla ile ile, ukivijumlisha vitarudi palepale hata kama jumla yenyewe imesomwa vibaya, hata kama ni namba ya simu ya muuzaji iliyoingia kimakosa. Ankara ilikuja na mashahidi watatu wasiosikilizana, mtaalamu akawafukuza wawili na kumwachia wa tatu awajibie wenzake.

Tuichukue ankara ya kawaida ya duka la jumla nchini Kenya. Kuna marobota 20 ya unga wa mahindi kwa shilingi 1,800 kila moja, jumla 36,000, na katoni 15 za sabuni kwa shilingi 1,600 kabla ya kodi, jumla 24,000. Unga wa mahindi hutozwa VAT ya asilimia sifuri, sabuni asilimia 16. Kodi iliyochapwa ni 3,840 na jumla ya kulipa ni 63,840. Fomula ya onyesho haijui unga wala sabuni. Inaigawa 63,840 yote kana kwamba kila shilingi imebeba kodi, na inatoa VAT ya 8,805.52. Mwenye duka anaonekana kudai 4,965.52 ambayo hakuilipa, kwenye ankara moja. Nayo KRA hulinganisha anachodai mnunuzi na alichotangaza muuzaji, kwa hiyo namba hii haitakaa kimya kwenye faili. Kosa hili, tafadhali, si la usomaji. Programu iliiona 3,840 na kuisoma sawasawa, mtu ndiye aliyeitupa.

Ubaya wa pili umejificha zaidi. Chukulia kwamba karatasi ilikunjwa kwenye jumla, na 63,840 ikasomwa 68,840, kwa kuwa 3 na 8 zilizofifia kwenye karatasi ya mashine hufanana sana. Kwa njia ya onyesho VAT inakuwa 9,495.17, kiasi cha awali 59,344.83, na mstari unakubali kama kawaida. Sasa ziache zile namba jinsi zilivyosomwa, kila kiwango cha kodi na safu yake: E ni kiasi kinachotozwa asilimia 16, F ni cha asilimia sifuri, G ni kilichosamehewa kodi, H ni VAT iliyochapwa, I ni jumla iliyochapwa. Pembeni weka vipimo viwili, ukiachia shilingi moja kwa ajili ya kukadirisha senti:

```
=ABS(E2+F2+G2+H2-I2)<=1
=ABS(E2*0.16-H2)<=1
```

Kipimo cha kwanza kinakataa kwa tofauti ya 5,000 kamili. Cha pili kinakubali, maana asilimia 16 ya 24,000 ni 3,840 vilevile. Kwa hiyo sabuni na kodi yake ziko salama, na kosa liko kwenye unga au kwenye jumla. 20 mara 1,800 ni 36,000, unga umetoka kwenye lawama. Imebaki jumla, na tofauti ya 5,000 bila chenji inasema ni tarakimu moja tu, ile ya maelfu, iliyozidi kwa tano. Karani anafungua picha, anatazama tarakimu moja, anarekebisha, anaendelea. Ingekuwa tarakimu zimepishana, 68,340 mahali pa 63,840, tofauti ingekuwa 4,500, nayo inagawanyika kwa tisa bila baki. Makarani wa daftari la manunuzi walikijua kipimo hicho cha tisa kabla ya mashine yoyote kuingia ofisini.

Na hapa nitawarudia wale wa zamani, mniwie radhi wanaochoka nikifanya hivyo. Daftari lao la safu nyingi lilijumlishwa kwenda chini na kukatiza upande, na ukurasa haukufungwa mpaka pembe ya mwisho ikubali kotekote. Enzi ya kadi za matundu, waliotumia mashine ya IBM 056 walikuwa na utaratibu mkali zaidi: kadi ikishatobolewa na mmoja, mwingine aliziandika namba zilezile tena kutoka karatasi ya asili, mashine ikalinganisha, na kadi iliyolingana ikakatwa alama ukingoni. Lilikuwa jambo la gharama, kuandika kitu kimoja mara mbili, na walilipia gharama hiyo kwa sababu walijua namba haiwezi kujikagua. Ankara inatupa marudio hayo bure, muuzaji ameshapiga hesabu yake na kuichapa, nasi tunaifuta ili jedwali lipendeze!

Najua jibu litakalokuja: mstari wa VAT huchapwa kwa herufi ndogo, husomeka vibaya, na ukiutegemea nusu ya kazi itarudi mikononi mwa watu. Nusu ni kutia chumvi, lakini hata tukikubali kwamba VAT husomeka vibaya kuliko jumla, dawa yake si kuifuta. Weka VAT iliyokokotolewa kwenye safu yake yenyewe, ya kulinganishia. Ikikubaliana na iliyosomwa, mstari unapita bila kuguswa na mtu. Zikikataana, ndipo picha inafunguliwa. Kinachorudi kwa karani ni mistari iliyokataa peke yake. Fomula ina nafasi katika kazi hii, ila haipaswi kukaa kwenye kiti cha namba iliyochapwa. Tena kiwango chenyewe ni mali ya ankara na tarehe yake. Nchini Kenya VAT ilishuka hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 2020 na ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021, na mafuta ya petroli yalikaa asilimia 8 mpaka katikati ya 2023. Fomula iliyoburutwa juu ya ankara za miaka hiyo inakosea hata pale ambapo hakuna unga. Na atakayelipeleka jedwali hilo Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida ni 18, asisahau kilichofichwa ndani ya seli.

Wengine watasema msimbo wa QR umemaliza ubishi, kwani ankara ya eTIMS inaweza kuthibitishwa moja kwa moja kwa KRA. Pale unaposomeka, utumie, ni bora kuliko kusoma picha. Lakini msimbo uliokunjwa au uliofifia hausomeki, na hata ule unaosomeka hukuletea namba za kweli ambazo, kwa utaratibu wa onyesho, zingefutwa vilevile na fomula. Msimbo huthibitisha karatasi. Haukagui ulichoandika wewe baadaye kwenye safu ya H.

Kero yangu ya miaka siwezi kuipita. Namba ya ankara si namba ya kujumlishwa, na seli yake lazima iwe ya maandishi kabla data haijaingia. Namba ya ankara kutoka mashine za TIMS ina tarakimu 19, ilhali Excel hushika 15 tu za mwanzo na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri. Sifuri za kwanza nazo huzila. Ukishahifadhi faili hivyo, hazirudi, na ankara mbili tofauti za muuzaji mmoja zinaweza kuonekana kuwa moja iliyorudiwa. Kwenye onyesho seli ziliachwa kwa mpangilio wa kawaida. Sikushangaa.

Vipimo vyangu navyo vina mipaka. Havitagundua tarehe iliyosomwa vibaya, wala PIN ya muuzaji mwingine, wala makosa mawili yaliyofidiana kwa bahati. Na kuna hatari mpya inayohitaji ukali zaidi. Programu za kusoma picha za siku hizi, zile zinazoelewa lugha, zinaweza kujaza VAT isiyoonekana kwa kuikokotoa zenyewe, na namba hiyo itapita vipimo vyote kwa sababu imetengenezwa ipite. Kwa hiyo agizo liwe wazi: lisilosomeka liachwe wazi, na seli tupu isimamishe mstari. Mimi napenda kila kiasi kije pamoja na kipande cha picha kilikotolewa, ili karani aone tarakimu zenyewe badala ya kuamini alichoambiwa. Programu isiyoweza kuonyesha 3,840 iko wapi kwenye karatasi haikuisoma.

Walio na majedwali yaliyoshatengenezwa kwa njia ya onyesho, njia ya kuyatambua ni nyepesi. Ongeza safu moja ya kugawa VAT kwa jumla:

```
=ROUND(H2/I2,4)
```

Ankara ambayo bidhaa zake zote zinatozwa asilimia 16 itatoa 0.1379, na hiyo ni halali. Ile yetu ya unga na sabuni inapaswa kutoa 0.0602. Duka la vyakula ambalo safu yake nzima inasoma 0.1379 kuanzia juu hadi chini halikununua hata pakiti moja ya unga wala mkate wa kawaida, jambo lisilowezekana, ama safu hiyo haikusomwa kutoka karatasi yoyote. Rudini kwenye picha, mkianza na wauzaji wa unga na mikate, na msahihishe kabla ya ritani inayofuata.